Namugongo Huhesabiwa Kinyumenyume

Katika jumuiya yetu ndogondogo hapa Mwanza, safari ya Namugongo huanza Oktoba, mwezi wa Rozari. Mweka hazina hufungua daftari jipya, kisha huhesabu kurudi nyuma kutoka 3 Juni, siku ambayo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto mwaka 1886.

Safari iliyopita tulipanga kila mtu aweke shilingi 320,000, yaani 40,000 kwa mwezi kwa miezi minane. Mwalimu hutoa mshahara ukiingia. Mama wa dagaa hawezi kwenda na tarehe hizo, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Yeye hutoa wakati wa giza, na kukiwa na mbalamwezi hakuna anayemdai.

Hati hushughulikiwa Januari. Asiye na pasipoti huenda Uhamiaji na namba yake ya NIDA kuomba hati ya dharura ya safari, ambayo ni nafuu zaidi. Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho. Sisi hatumo katika mpango huo.

Ruhusa kazini huombwa mapema pia. Sheria inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, lakini mwajiri ndiye anayepanga lini, na 3 Juni ni sikukuu Uganda, si kwetu.

Kinachokwamisha watu hasa ni kadi ya njano. Sindano ya homa ya manjano ni moja kwa maisha, ila cheti huanza kutambulika siku kumi baada ya kuchomwa. Ukitaka kuvuka Mutukula 1 Juni, mwisho wako ni 22 Mei. Mjamzito na mwenye kinga dhaifu wamwone daktari kwanza, maana chanjo hii ina virusi hai. Mwenzetu mmoja alichomwa 27 Mei akidhani kadi ni kadi. Ofisa aliweka kidole juu ya tarehe, akatikisa kichwa. Mwenzetu akatoa mfukoni vikaratasi vya nia alivyopewa na majirani (mmoja aliombea mtoto, mwingine kesi ya shamba), akamkabidhi jirani yake wa kiti, akarudi Bukoba peke yake.

Mizigo ni mkeka, blanketi na kidumu kitupu cha maji ya Namugongo, ambacho wanaobaki nyumbani hukiulizia kabla hata ya salamu. Wengi wetu hupanda meli ya usiku hadi Bukoba, halafu basi kupitia Kyaka na Masaka.

Njia hii ya ziwani ni ya zamani. Padre Lourdel na wamisionari wenzake walipoondoka Buganda mwaka 1882 walikuja kukaa Bukumbi, kusini mwa Mwanza, hadi waliporudi 1885.

Kama unakusudia kwenda mwakani na huna kadi, kachanjwe mwezi huu.