Shikamoo isiyosubiri marahaba

Mwanafunzi anayeishi Masaki, wilayani Kisarawe, na kusoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania anaweza kumaliza muhula mzima bila kukaa ana kwa ana na mhadhiri wake. Chuo hicho, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha kwa masafa, na kituo chake cha mkoa wa Pwani kiko Kibaha. Akikwama katika zoezi, kilicho karibu naye ni simu. Basi huandika jinsi alivyofundishwa nyumbani: anaamkia kwanza, kisha anasubiri.

Saa tatu usiku anatuma "Shikamoo Mwalimu." Mhadhiri anaiona asubuhi akielekea darasani, anajibu "Marahaba." Mchana mwanafunzi anaandika "Samahani, nina swali." Jioni anajibiwa "Uliza." Siku nzima imekwisha, swali lenyewe halijatoka, na mhadhiri ameshaifungua simu yake mara mbili bila kujua anatakiwa kusaidia nini.

Mwanafunzi huyu si mkosefu wa adabu. Tukionana uso kwa uso, kuingia kwenye shida kabla ya kuitikiwa ni utovu wa heshima, na kuitikiwa huko huchukua sekunde moja. Katika ujumbe, sekunde hiyo hurefuka ikawa saa kumi. Kwa hiyo salamu ibaki, ila kusubiri kuondoke: salamu, utambulisho na swali viende pamoja katika ujumbe mmoja. Mhadhiri ataitikia na kujibu kwa mkupuo.

Ujumbe wake ungeweza kusomeka hivi: "Shikamoo Mwalimu. Habari za kazi. Naitwa …, mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, somo la fonolojia, namba ya usajili … Naomba kuuliza kuhusu swali la 2 la zoezi: tutumie mifano ya Kiswahili sanifu peke yake, au lahaja zinaruhusiwa? Nimesoma maelekezo, sijaona palipotajwa. Asante."

Tazama salamu ilivyo fupi. Sentensi zile mbili za mwanzo zina herufi 33, ukihesabu nafasi na nukta. Ujumbe mfupi wa kawaida hubeba herufi 160 kabla ya kukatwa kuwa wa pili, na kioo cha simu iliyofungwa huonyesha maneno ya mwanzo tu. Ukiuliza habari za kazi, za familia, za afya na za tangu juzi, mhadhiri mwenye wanafunzi wengi ataona salamu tupu, aiache hadi apate nafasi. Na kwa kuwa hujui ataisoma lini, "habari za kazi" au "habari za leo" hufaa kuliko "habari za asubuhi."

Neno "naomba" nalo lina kazi kubwa. "Nataka unielekeze" husikika kama amri hata likitanguliwa na shikamoo tatu.

Penye ugumu ni umri. Wanafunzi wengi wa masafa ni watu wazima walio kazini. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 45 huenda anafundishwa na mhadhiri wa miaka 32. Akimpa shikamoo, anamtia kijana huyo aibu, maana mkubwa hamwamkii mdogo. Hapo heshima ibebwe na cheo: "Habari za kazi, Daktari." Cheo kinaheshimu kiti, na hakigusi umri wa mtu. Usipojua kama ana shahada ya uzamivu, "Mwalimu" linatosha, na halikulazimishi kubahatisha kama ni mwanamume au mwanamke. Kijana wa miaka 21 asihangaike na hesabu hizi, aandike shikamoo. Mhadhiri kijana akiipokea hatachukia, lakini mhadhiri mzee akipokea "mambo" au "xkamoo" ataona amefananishwa na rika la mwandishi. Salamu ya "Asalaam alaykum," iliyozoeleka sana huku Pwani, iandikwe kwa yule unayejua ni Mwislamu.

Majibu yenyewe hukuonyesha ulipokosea. Ukijibiwa "Marahaba" tu, swali lako halikuwemo au lilifichika. Ukijibiwa "Nani mwenzangu?" au "Somo lipi?", ulijisahau kwenye utambulisho. Ukijibiwa "Marahaba, lahaja ruksa, taja chanzo," andika "Asante Mwalimu, nimeelewa," uishie hapo. Ukiwa na swali jingine siku hiyohiyo, uliza bila kuamkia upya. Kesho yake anza na salamu tena.

Usipojibiwa kabisa, alama za kuuliza mbilimbili zitaonekana kama karipio. Ngoja siku mbili tatu za kazi, kisha tuma ujumbe wote upya pamoja na salamu yake, maana ule wa kwanza umeshafunikwa na jumbe za wenzako.