Manila, Chapa au Msimbo: Jaribio Lipi la Mchezo ni Nafuu?

Chukua wazo la mchezo wa simu kuhusu daladala. Madereva wawili wanagombea abiria kwenye njia yenye vituo 12, na nauli ndiyo inayonunua mafuta ya safari inayofuata. Unaweza kulijaribu wazo hili kwa karatasi, kwa karata zilizochapwa, kwa programu ya michezo ya mezani, au ukaanza moja kwa moja kuandika msimbo. Wengi hulinganisha gharama ya kutengeneza. Mimi nalinganisha gharama ya kubadilisha, kwa sababu sheria za mwanzo za mchezo hazidumu hata jioni moja.

Njia ya karatasi inataka manila moja, penseli, raba, dadu, vizibo viwili vya soda kuwa magari, na vibakuli viwili, kimoja cha maharage na kingine cha mahindi. Kila kituo kina harage moja, ndiye abiria. Kila dereva anaanza na punje 12 za mahindi, ndiyo mafuta. Rusha dadu, sogea hatua zisizozidi namba uliyopata, lipa punje moja kwa kila hatua, beba abiria wa kila kituo unachopita. Wote wanashuka mwisho wa njia, na nauli ya mmoja inanunua punje mbili.

Cheza safari moja tu na kasoro inajitokeza. Anayetangulia anafagia vituo, anayefuata anakuta vitupu. Tuseme wa kwanza amebeba abiria 9 na mwenzake 3. Wa kwanza ananunua punje 18, safari ya kurudi inakula 12, anabaki na akiba. Wa pili ana punje 6, zinamwishia katikati ya njia. Dalili utaiona mezani hata bila kuhesabu: aliyeachwa nyuma anarusha dadu bila kuangalia ubao.

Dawa ni sentensi moja kwenye daftari: kila mara wote wawili wakishacheza zamu mbili, weka abiria mmoja kwenye kila kituo kitupu. Sasa wa nyuma anapata watu, lakini kasoro mpya inazaliwa, maana kila mmoja anataka kuwa nyuma na hakuna anayeondoka. Ongeza sheria kwamba gari lililosimama nalo linachoma punje moja kwa zamu. Hapo ndipo mchezo unapoanza kuwa na uamuzi wa kweli: nivizie au niondoke? Mabadiliko hayo mawili yanakula dakika chache na maharage zaidi. Kwenye msimbo, yangegusa namna abiria wanavyotokea, michoro ya vituo na akili ya dereva anayeendeshwa na kompyuta.

Hata kampuni kubwa zimefanya hivi. Wabunifu wa Blizzard, Eric Dodds na Ben Brode, waliujaribu mchezo wa Hearthstone, uliotoka mwaka 2014, kwa karata za karatasi wakati wenzao wengi walikuwa wamehamishiwa kwa muda kwenye StarCraft II.

Kuchapa steshenari kunafaa pale karata zinapokuwa nyingi na zinahitaji kuchanganywa. Ukurasa wa A4 unabeba karata 9 za kawaida, zenye milimita 63 kwa 88, kwa hiyo karata 54 ni kurasa 6. Zidisha kwa bei ya duka lako. Lakini kila unapobadilisha namba unalipa tena na kukata tena. Kibaya zaidi, kitu kikishapendeza, rafiki zako wanaona haya kukikosoa.

Programu ya Tabletop Simulator huuzwa Steam kwa dola 19.99 kwa bei ya kawaida, na kila mchezaji anahitaji nakala yake. Inunue tu kama wajaribuji wako wanaishi miji mbalimbali. Mkiwa mtaa mmoja, huko ni kupoteza pesa bure.

Karatasi ina mipaka. Haiwezi kukuambia kama kuruka kunafurahisha, kama gari linakata kona vizuri, au kama sekunde tatu zinatosha kuamua. Mchezo wa kasi ya vidole uanze kwenye injini kama Godot, ambayo ni ya bure, ukitumia miraba mitupu badala ya michoro. Kwa mchezo wa zamu, karata au biashara kama huu wa daladala, anza na manila, na usifungue kompyuta mpaka watu wawili wasiokujua sana wamemaliza mchezo mzima kwa kusoma sheria zako wao wenyewe, wewe ukiwa kimya.