Volti 48 Ndani ya Waya wa Maiki

Kwenye miksa nyingi ndogo za kanisani na kumbini kuna kitufe kimoja kilichoandikwa +48V. Mara nyingi kimewekwa pembeni kabisa, au nyuma karibu na waya wa umeme. Kuna mafundi wanaokiwasha siku ya kufunga vyombo na kukisahau, kwa sababu maiki za kwaya hazitoi sauti bila hicho. Kuna wengine wameweka gundi ya karatasi juu yake kisiguswe na mtu, kwa kuwa wamesikia kinaunguza maiki. Kila upande umeshuhudia kitu cha kweli. Kinachoamua nani yuko sahihi ni maiki iliyochomekwa, na zaidi ya hapo, ni waya uliotumika kuichomeka.

Kitufe hicho huruhusu umeme wa fantomu, yaani umeme wa moja kwa moja wa volti 48 unaopanda kutoka kwenye miksa kwenda kwenye maiki, kupitia nyaya zile zile ambazo sauti inashuka nazo. Maiki inayouhitaji ni ya aina ya kondensa. Ndani yake kuna utando mwembamba uliopakwa metali, umekaa karibu sana na kibati kisichotikisika. Sauti ikiugonga utando, nafasi kati ya viwili hivyo hubadilika, na volti iliyopo kati yake hubadilika nayo. Mabadiliko hayo ni dhaifu mno kiasi kwamba hayawezi kusafiri hata mita chache za waya. Kwa hiyo ndani ya mwili wa maiki huwekwa saketi ndogo yenye transista, na saketi hiyo lazima ilishwe umeme.

Zipo kondensa ambazo chaji yake imefungiwa ndani tangu kiwandani. Hizo ni za elektreti, matokeo ya kazi ya Gerhard Sessler na James West katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1962. Watu hudhani hizi hazihitaji fantomu. Chaji kweli haihitajiki kuongezwa, lakini transista bado inataka chakula chake. Baadhi hupewa nafasi ya betri ndogo, na zisizo na betri hubaki kimya mpaka kitufe kiwashwe.

Maiki ya mkononi ya kawaida, ile ya dainamiki anayoshika mhubiri au MC, haihitaji chochote. Utando wake umegandishwa na koili ya waya mwembamba iliyo ndani ya uga wa sumaku. Ukitikisika, koili huzalisha umeme wake yenyewe.

Volti 48 hazikuchaguliwa na wataalamu waliokaa kutafuta namba bora. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Berlin ilipeleka maiki mpya za transista katika shirika la utangazaji la Norwe, NRK. Studio za NRK tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 uliowekwa kwa ajili ya taa za dharura, basi maiki zikaungwa hapo hapo. Taa za dharura za Oslo ndizo zilizoweka kiwango kinachotumika leo kwenye miksa ya kila kijiji.

Sasa tufungue waya wenyewe. Kichwa cha XLR kina pini tatu. Pini ya 1 ni ya ardhi, na pini za 2 na 3 hubeba sauti. Miksa hupeleka volti 48 kwenye pini ya 2 na kwenye pini ya 3 kwa pamoja, kila moja kupitia rizista yake ya takriban omu 6,800. Rizista hizo mbili hulinganishwa kwa uangalifu ili zisitofautiane. Chomeka waya mtupu, washa fantomu, kisha chukua mita. Gusa pini ya 1 na ya 2, utasoma karibu volti 48. Gusa ya 1 na ya 3, utasoma vile vile. Gusa ya 2 na ya 3, utasoma sifuri.

Sifuri hiyo ndiyo inayoilinda maiki ya dainamiki. Koili yake imeunganishwa kati ya pini ya 2 na ya 3, na haigusi ya 1. Kwa kuwa ncha zote mbili ziko kwenye volti sawa, ni kama mizani iliyowekewa mawe ya uzito mmoja huku na huku: hakuna kinachosogea. Umeme haupiti kwenye koili, na maiki haina hata habari kwamba fantomu imewashwa. Kwa hiyo maiki ya mkononi nzima, kwenye waya mzima wa pini tatu, inaweza kukaa kwenye fantomu miaka na miaka bila kudhurika.

Balaa huanza usawa huo unapovunjika, na unavunjwa kirahisi. Tuseme waya umekanyagwa na kuvutwa jukwaani mpaka uzi wa pini ya 3 umegusana na wa ardhi. Upande mmoja wa koili sasa una volti 48 nyuma ya rizista, na upande wa pili uko ardhini. Umeme wa karibu miliampea 7 unapita ndani ya koili mfululizo. Kwenye maiki isiyo na transfoma ndani, utando husukumwa na kukaa upande mmoja, na sauti hutoka nyembamba, yenye mikwaruzo. Fantomu ikizimwa, mara nyingi maiki hurudi hali yake. Hapo watu hutoa hukumu kwamba fantomu imeshindana na maiki, na waya mbovu unaendelea kutumika. Jaribio la kutenganisha ni rahisi: chomeka maiki ile ile kwa waya mwingine. Ikilia vizuri, mwenye kosa ni waya.

Maiki ya riboni ndiyo isiyosamehe. Badala ya utando na koili ina utepe wa alumini mwembamba kuliko unywele, umening'inizwa kati ya sumaku. Kwenye waya mzima, riboni nayo inalindwa na ule usawa. Lakini kama pini moja imegusa ardhi, au kama maiki inachomekwa kupitia jeki ambayo ncha yake hugusa kabla ya pete yake huku fantomu ikiwa imewashwa, mshtuko mmoja hupenya transfoma na kuupiga utepe. Utepe ukishavutika haurudi. Utaisikia maiki imepoa, besi imelegea, na sauti imefifia kuliko zamani. Wenye riboni za zamani huzima fantomu kwanza ndipo wachomeke, na mimi naona wana haki kabisa. Kuna riboni za siku hizi zenye saketi ya kukuza sauti ndani, nazo zinahitaji fantomu, kwa hiyo hapa soma kitabu chake, usikisie.

Hata hivyo, katika makanisa na kumbi zetu kinachoungua zaidi si maiki. Ni kompyuta na simu. Chukua miksa ndogo yenye kitufe kimoja cha fantomu kwa chaneli zote. Chaneli ya 1 na ya 2 zina kondensa mbili zilizosimamishwa mbele ya kwaya, ya 3 ni maiki ya mchungaji. Siku ya harusi analetwa kijana mwenye kompyuta ndogo ya kupiga muziki. Nafasi iliyobaki ni soketi ya XLR ya chaneli ya 4, na fundi anao waya wenye jeki ndogo ya hedifoni upande mmoja na XLR upande mwingine. Anachomeka. Kwa sababu ya kondensa za kwaya, fantomu iko hewani kwenye soketi zote nne.

Sasa volti 48 zinapanda kuelekea tundu la hedifoni la kompyuta, ambalo saketi yake imeundwa kwa volti chache tu. Rizista zinaupunguza umeme, na ndiyo maana mara nyingine kompyuta huvumilia na kinachosikika ni mikwaruzo peke yake. Mara nyingine upande mmoja wa sauti hufa moja kwa moja, na mwenye kompyuta atagundua nyumbani anapovaa hedifoni. Waya huo una dalili nyingine pia, isiyohusiana na fantomu. Kama umeungwa hivi kwamba kushoto kumeenda pini ya 2 na kulia pini ya 3, sauti ya mwimbaji hupotea ndani ya muziki na vinabaki vyombo na mwangwi. Miksa hutoa tofauti kati ya pini hizo mbili, na sauti ya mwimbaji iko sawa pande zote, hivyo inajifuta. Ukisikia wimbo umepoteza mwimbaji, chomoa mara moja, kwa sababu waya wa namna hiyo hauna kinga yoyote dhidi ya volti 48.

Dawa ni kuipeleka kompyuta kwenye matundu ya jeki kubwa ya miksa, ambayo kwa kawaida hayabebi fantomu. Kama iliyobaki ni XLR tu, weka kisanduku cha DI kisichotumia umeme. Ndani yake kuna transfoma, na transfoma hupitisha sauti lakini huzuia umeme wa moja kwa moja. Usichanganye na DI ile inayotumia umeme: hiyo yenyewe hulishwa na fantomu. Kuwa mwangalifu pia na maiki ndogo za kifuani za kuchomeka kwenye simu. Zinahitaji volti mbili tatu tu, na adapta ya kuzipeleka kwenye XLR lazima iwe ya kushusha volti, si ya kubadilisha umbo la kichwa peke yake.

Limebaki suala la kishindo. Kitufe kikibonyezwa, kapasita zilizo mlangoni mwa miksa huanza kujaa, na pini ya 2 na ya 3 hazijai kwa mwendo ule ule hasa. Tofauti ya miliovolti 10 kwa kitambo kidogo, ikikuzwa mara mia na geini ya maiki, inakuwa volti nzima inayoelekea kwenye ampilifaya. Spika za sauti kali ndizo huumia kwanza. Kwa hiyo geini na feda huwa chini, maiki zote zikiwa zimeshachomekwa, ndipo fantomu iwashwe. Subiri kama nusu dakika kondensa zitulie, kisha pandisha sauti. Wakati wa kufunga, shusha feda, zima fantomu, kunja stendi na nyaya za sakafuni kwanza, na maiki uzichomoe mwisho, maana kapasita huchukua dakika moja au mbili kuisha chaji hata taa ya kitufe ikiwa imeshazimika.

Na kama kondensa inakwaruza ingawa mita inasoma volti zake sawasawa, hasa huku pwani msimu wa mvua, angalia unyevu kabla ya kulaumu miksa. Chaji ya utando huvuja kwenye hewa yenye maji. Kondensa hiyo ihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na uijaribu tena siku inayofuata. Ukiwa dukani kununua miksa nyingine, tafuta yenye kitufe cha +48V kwa kila chaneli. Bei yake ni ya juu kidogo, lakini kwaya itapata umeme wake na kompyuta ya kijana wa harusi haitapata.