Salamu Zimekula Nafasi ya Vitenge

Muuzaji wa vitenge wa Kariakoo amepokea mzigo asubuhi. Amepiga picha nzuri, kitambaa kimetandazwa juu ya meza, mwanga unaingia vizuri kutoka mlangoni. Kisha anaandika chini yake: "Habari za asubuhi wapendwa wateja wetu. Tunapenda kuwataarifu kuwa ule mzigo mliokuwa mkiusubiri kwa hamu umeshafika dukani kwetu." Baada ya hapo ndipo zinakuja yadi, bei, rangi, mtaa na namba ya simu. Anaituma Instagram, anaweka simu pembeni, anasubiri.

Mteja aliyekaa kwenye daladala anaiona picha. Chini yake anaona salamu, anaona kwamba kuna mzigo, na sentensi inakatika. Kinachofuata ni neno dogo la kijivu, more, yaani zaidi. Hajui kitenge ni cha pamba au cha nailoni, wala ni cha shilingi ngapi. Kidole kinasogeza picha juu, na picha ya mtu mwingine inashuka.

Kosa la muuzaji linaweza kuhesabiwa. Instagram inaruhusu kapsheni ya hadi alama 2,200, ukijumlisha herufi, nafasi na nukta. Hiyo ni barua nzima. Lakini mtu anayepita kwenye picha moja hadi nyingine huonyeshwa takriban alama 125 za mwanzo tu, na zilizobaki hufichwa mpaka aguse. Ukiyahesabu maneno ya muuzaji moja moja pamoja na nafasi zake, neno "dukani" linaishia kwenye alama ya 123. Nafasi imekwisha na neno "vitenge" halijatamkwa hata mara moja.

Hizo 125 nazo si mpaka wa chuma. Programu haihesabu alama peke yake, inaangalia pia mistari, na kwa kawaida huacha karibu mistari miwili tu ionekane. Jina la akaunti nalo hukaa mwanzoni mwa mstari wa kwanza, kwa hiyo duka lenye jina refu linajipunguzia nafasi lenyewe. Kisha kuna watu waliokuza maandishi ya simu zao, hasa wazee na wenye macho dhaifu. Kwao maneno yanayoonekana ni machache zaidi. Muuzaji mwenye busara huandika kana kwamba ana nusu tu ya nafasi aliyoahidiwa.

Tangazo lilelile linaweza kuanza hivi: "Vitenge vya pamba, yadi 6, sh 35,000. Mzigo umeingia leo Kariakoo." Ni alama 66. Mteja wa kwenye daladala ameshajua kitu, kipimo, bei na mahali kabla gari halijafika kituo kinachofuata.

Wapo watakaosema huo ni ukavu. Mswahili haingii dukani bila salamu, na muuzaji anayetaja bei kabla ya "habari" anaonekana kama aliyelelewa porini. Hoja hiyo ina uzito kwenye mazungumzo ya watu wawili. Mteja akiandika inboksi, salamu ni lazima, na kumjibu kwa bei tupu ni kumvunjia heshima. Picha iliyotundikwa mbele ya watu wote ni jambo jingine: inafanya kazi ya kibao cha dukani, na kibao hakiamkii wapita njia. Salamu inaweza kukaa kwenye aya ya pili, ikamkaribisha yule aliyegusa ili asome zaidi. Huyo ndiye aliyekwisha ingia mlangoni. (Wanaoandika "bei inboksi" wana mambo yao. Wameficha kitu cha kwanza ambacho mnunuzi anakitafuta, tena kwa hiari yao.)

Baada ya mstari wa kwanza, tatizo linahama. Sasa mteja amegusa, kapsheni imefunguka, na kilichofunguka ni tofali moja la maneno kutoka juu hadi chini. Kwenye ukurasa wa kitabu, mstari mmoja hubeba kiasi cha alama 60 na kitu. Kwenye kioo cha simu, mstari hubeba takriban 40. Aya ambayo kitabuni ingekuwa mistari minne ya kawaida inakuwa sita au saba, na jicho linapotoka mwisho wa mstari mmoja kurudi mwanzo wa mwingine halina pa kushika. Mstari mtupu kati ya aya humpa msomaji pa kupumzikia, na aya ya sentensi mbili au tatu inatosha.

Mstari unaokatwa kwa mkono ni lazima ukatwe pale wazo linapoishia. Hapa ndipo wanaoandika kwenye kompyuta wanapojikwaa. Wanaona mistari yao mipana, wanabonyeza Enter kila inapofika alama ya 60 ili ukingo ukae sawa, halafu wananakili na kupeleka kwenye simu. Kwenye simu kila mstari huo unajaza 40, unamwaga 20 zilizobaki chini yake, kisha unakatika kwa ile Enter. Matokeo yake ni mstari mrefu, mfupi, mrefu, mfupi, kama meno ya msumeno. Ukiona kapsheni ya namna hiyo, ujue haikusomwa kwenye simu kabla ya kutumwa.

Kiswahili kina shida yake ya ziada. Vitenzi vyake hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli ndani ya neno moja, na kapsheni haikati neno kwa kistari kama kitabu kinavyofanya. Neno lisipoenea linahamishiwa zima kwenye mstari wa chini, na nyuma yake linaacha pengo upande wa kulia. "Tutakusafirishia" ni herufi 16, karibu nusu ya mstari wa simu yenye maandishi yaliyokuzwa. Wafanyabiashara wamelipatia dawa bila kufundishwa na mtu: wanaandika "tunatuma mikoani". Nayo ina alama 16 ukihesabu nafasi, lakini inaweza kugawanyika katikati, na inasema zaidi, maana inamtaja hasa mtu wa Mbeya au Mwanza aliyekuwa akijiuliza kama kitenge kitamfikia.

Sasa emoji. Muuzaji yuleyule anazipenda, na hana sababu ya kuziacha, ila kazi yake kubwa kwenye kioo kidogo ni kuwa alama ya njia. Ikikaa mwanzoni mwa mstari, jicho linaiona kabla ya kusoma:

📍 Kariakoo, Mtaa wa Kongo
🚚 Tunatuma mikoani
👗 Rangi nne: bluu, njano, kijani, maruni

Anayetafuta mahali dukani lilipo anashuka moja kwa moja kwenye pini nyekundu. Emoji hizohizo zikitapakaa katikati ya sentensi, moja baada ya kila neno, zinafanya kinyume chake: jicho linasimama kila hatua, na hakuna hata moja inayoelekeza popote. Safu ya moto mitano mwishoni mwa mstari nayo inakula nafasi bila kusema lolote kuhusu kitambaa.

Kuna wateja wanaoisikia kapsheni badala ya kuiona. Asiyeona hutumia VoiceOver kwenye iPhone au TalkBack kwenye Android, programu zinazosoma kioo kwa sauti, na programu hizo huzitamka emoji kwa majina yake. Tangazo lililojaa moto, nyota na mikono iliyokunjwa kati ya maneno linamfikia kama orodha ya vitu, na bei imezama humo ndani. Emoji moja mwanzoni mwa mstari haimsumbui sana.

Kibaya zaidi ni emoji iliyochukua nafasi ya neno. Muuzaji anaweza kuandika "Tunauza pia 🪡 na 🧵" akiwa na hakika kwamba kila mtu anaona sindano na uzi. Uzi uliingia kwenye orodha rasmi ya Unicode mwaka 2018, sindano mwaka 2020. Simu ambayo mfumo wake haujasasishwa tangu kabla ya hapo haina michoro hiyo, na mahali pake huweka kisanduku kitupu. Mwenye simu ya miaka mingi anasoma "Tunauza pia", kisanduku, "na", kisanduku. Gauni, 👗, ni la mwaka 2010, hivyo linaonekana karibu kila mahali. Anayetaka usalama aandike neno "sindano" kwanza, kisha aweke mchoro ukimpendeza.

Si wateja wote wenye bando, na muuzaji huyu ana orodha ya watu 500 anaowatumia meseji za kawaida kwa mkupuo, akilipia kila meseji. Hapo emoji inageuka kuwa fedha. Meseji ya kawaida hubeba alama 160 ikiwa zote zinatoka kwenye seti ndogo ya herufi ambayo mitandao ya simu imeitumia tangu zamani, na herufi zote za Kiswahili zimo humo. Ikiingia alama moja tu ya nje ya seti hiyo, meseji nzima hubadilishiwa mfumo wa kuandikwa, na nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Ikizidi hapo hugawanywa vipande, na kila kipande hulipiwa.

Tangazo lake sasa ni hili: "Vitenge vya pamba, yadi 6, sh 35,000. Mzigo umeingia leo Kariakoo. Duka linafungwa saa 12 jioni." Ni alama 96, meseji moja. Akiongeza nafasi na gauni moja mwishoni, linafika 99, kwa sababu emoji huhesabiwa kama alama mbili. Limepita 70, linakuwa vipande viwili. Watu 500 wanalipiwa meseji 1,000, kwa ajili ya gauni ambalo kwenye kitochi huenda lisionekane kabisa.

Basi anaondoa gauni, anaongeza "Ng'ara sikukuu hii!" na jumla inakuwa 116, bado ndani ya 160. Lakini kihesabio cha mfumo wa kutuma kinaonyesha meseji mbili, na hakuna emoji hata moja. Mkosaji ni ule mkato wa juu kwenye "ng'ara". Ukiwa umenyooka umo kwenye ile seti ya zamani. Tangazo hili liliandikwa kwanza kwenye iPhone, na iPhone huupinda mkato huo yenyewe ili upendeze, kisha mkato uliopinda haumo kwenye seti. Kwa jicho tofauti haionekani kirahisi. Anaufuta, anauandika upya kwenye kompyuta, na kihesabio kinarudi kwenye moja. Kisha anakwenda kwenye mipangilio ya simu, Settings, General, Keyboard, na kuzima Smart Punctuation, maana wiki ijayo ana tangazo jingine, nalo lina neno lenye mkato.