Barua pepe ya kuomba ushirikiano

Tuseme shirika la vijana Kilwa linataka kupanda mikoko pamoja na kikundi cha kina mama. Barua pepe yake ya kwanza itaje lengo linalohesabika: hekta mbili, si "kulinda mazingira". Kisha majukumu: kina mama watunze kitalu, vijana watafute kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu na kumwandikia mfadhili ripoti. Wengi huteleza kwenye fedha. Huandika "tutashirikiana", na pesa zikija hakuna ajuaye ziingie akaunti ya nani, wala nani atie saini. Liandikwe hilo mapema, hata kama linaona haya. Mwishoni alika kikao, pendekeza siku mbili, ambatisha rasimu ya makubaliano yenye kipengele cha kujitoa, na useme wazi kwamba barua yenyewe si mkataba.