Mchoro wa ajira ukigeuzwa maneno

Kampuni inatafuta mhasibu, na utaratibu wa kumpata umechorwa kwa BPMN, mfumo wa alama za kuchorea hatua za kazi ambao tangu 2013 ni kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19510. Karani atakayeufuata anaona maduara na mishale tu. Tumwandikie.

Tunaanzia kushoto, penye duara la mstari mwembamba. Hilo ni tukio. Tukio ni jambo linalotokea lenyewe, si kazi ya mtu. Ndani yake mna bahasha, maana yake ujumbe umefika: "Idara ya fedha ikileta ombi la mhasibu, shughuli inaanza." Mstatili wenye pembe za mviringo ndio kazi, na safu uliomo inakutajia mtendaji: "Ofisa utumishi anatangaza nafasi." "Mkuu wa fedha anawasaili waombaji."

Kisha linakuja umbo la almasi lenye alama ya X. Ni lango, na wengi hukosea hapa kwa kuandika kwamba lango linaamua. Uamuzi umeshafanywa kwenye usaili. Lango linaelekeza njia tu, moja peke yake. Kwa Kiswahili linakaa vizuri kabisa katika "-ki-" na "-sipo-": "Akipatikana anayefaa, tunaendelea. Asipopatikana, nafasi inatangazwa upya."

Lango lenye alama ya kujumlisha hufungua njia zote kwa pamoja: "Ofisa utumishi anawapigia simu wadhamini, na wakati huohuo mkuu wa fedha anathibitisha mshahara. Yote mawili yakikamilika, barua ya ajira inatumwa." Usiiache sentensi ya mwisho. Inatokana na lango la pili la kujumlisha, linalosubiri njia zote zifike. Mchoraji akiweka X mahali pake, kila njia itapita kivyake na mwombaji atapata barua mbili.

Baada ya barua kuna lango lenye pembetano ndani ya duara. Hapa hakuna mtu anayeamua. Tukio litakalotangulia ndilo linaloshinda, na lingine linaachwa. Mbele yake kuna maduara ya mistari miwili: moja lina bahasha, la pili lina saa. "Mwombaji akijibu kabla ya siku 7, mkataba unaandaliwa. Siku 7 zikipita kimya, barua inatumwa kwa aliyeshika nafasi ya pili."

Msomee karani kwa sauti, naye atauliza: je, akijibu kwamba hataki? Mchoro unampeleka kwenye mkataba vilevile, maana bahasha inasema jibu limefika tu, haisemi ni jibu gani. Kwa macho ya kawaida kosa hili halionekani, kwa kuwa mishale yote imeungana. Dawa yake ni lango la X baada ya bahasha: "Akikubali, mkataba unaandaliwa. Akikataa, barua inakwenda kwa wa pili, bila kungoja siku 7 ziishe."