Milioni 48 za Mwaka 2018 ni Ngapi Leo?

Kamati ya shule inataka kuongeza madarasa mawili. Kabatini kuna faili la madarasa kama hayo yaliyojengwa mwaka 2018 kwa ramani ileile, na jumla yake ni shilingi milioni 48. Faili hilo lina thamani kubwa, kwani linaonyesha fedha zilizolipwa kweli. Ila zililipwa kwa bei za 2018, na atakayeliombea jengo jipya milioni 48 ataishiwa kabla ya kuezeka.

Njia ya kuzileta fedha hizo kwenye bei za leo ni fahirisi ya bei. Hii ni namba inayofuatilia bei ya kundi la bidhaa, ikianzia 100 katika mwaka wa kizio. Unachukua fahirisi ya sasa, unaigawa kwa fahirisi ya wakati fedha zilipotumika, kisha unazidisha jibu kwa gharama ya zamani.

Kazi kubwa ni kuchagua fahirisi. Wengi hukimbilia fahirisi ya bei za mlaji, ile inayotangazwa kila mwezi pamoja na mfumuko wa bei. Kwa Tanzania, zaidi ya robo ya mizania yake ni chakula na vinywaji, na unga ukishuka bei haupunguzi bei ya nondo. Zipo fahirisi za ujenzi wenyewe: Tanzania ziko za Baraza la Taifa la Ujenzi, na Kenya shirika la takwimu, KNBS, hutoa ya pembejeo za ujenzi kila robo mwaka.

Tufanye hesabu, kwa fahirisi nilizozitunga kwa ajili ya mfano tu. Mchanganuo wa faili unasema vifaa vilikula milioni 30, ujira wa mafundi milioni 12, na usafirishaji milioni 6. Fahirisi ya vifaa imetoka 112 hadi 154. Ukigawa unapata 1.375, kwa hiyo vifaa vya milioni 30 sasa ni milioni 41.25. Ujira umetoka 110 hadi 132, na milioni 12 zimekuwa 14.4. Usafirishaji umetoka 120 hadi 150, na milioni 6 zimekuwa 7.5. Jumla ni shilingi 63,150,000. Kama fahirisi ya mlaji ingekuwa imepanda kwa asilimia 25 na kamati ikaitumia kwa jengo zima, ingepata milioni 60, na pengo la zaidi ya milioni 3 lingejitokeza kazi ikiwa katikati.

Angalia pia kwamba kutoka 112 hadi 154 ni pointi 42, lakini si asilimia 42. Ni asilimia 37.5, kwa sababu hatukuanzia 100.

Kosa linalouma zaidi hutokana na kubadilishwa kwa mwaka wa kizio. Ofisi za takwimu hufanya hivyo kila baada ya miaka kadhaa. Tanzania, kwa mfano, ilihamishia fahirisi ya mlaji kwenye kizio cha 2020. Sasa tuseme ile 112 yetu ya vifaa ilichapishwa 2018 ikiwa 140, kwenye mfululizo wa zamani. Mtu akigawa 154 ya leo kwa 140 hiyo, ataona vifaa vimepanda asilimia 10 tu na kutenga milioni 33, pungufu kwa milioni 8.25. Dawa yake ni kutafuta mwezi ambao mifululizo yote miwili ilichapishwa. Ikiwa mwezi huo wa zamani unasoma 125 na mpya 100, kila namba ya zamani inazidishwa kwa 0.8, na 140 inarudi kuwa 112.

Utaligunduaje kosa hilo? Chukua risiti ya simenti iliyomo kwenye faili, nenda dukani uulize bei ya mfuko wa aina ileile. Fanya hivyo kwa bati na nondo. Iwapo bei za dukani zimepanda karibu theluthi na fahirisi yako inasema kumi kwa mia, rudi kwenye jedwali usome kizio.

Tarehe nayo isichukuliwe kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti. Jengo likizinduliwa Desemba, fedha nyingi huenda zilitoka Mei hadi Agosti. Fahirisi inayofaa ni ya katikati ya malipo. Vivyo hivyo kwa jengo jipya: kama ujenzi utaanza mwakani, milioni 63 hizo ni bei za leo, na lazima kuongeza makisio ya kupanda kwa bei hadi katikati ya ujenzi, yaandikwe kwenye mstari wake.

Fahirisi hurekebisha bei peke yake. Haijui kwamba kiwanja kipya ni cha mfinyanzi unaotaka msingi mrefu, wala kwamba barabara yake haipitiki masika. Hayo mkadiriaji majenzi huyapima kiwanjani na kuyaongeza baadaye. Na faili likizidi miaka kumi, afadhali kuhesabu vifaa upya kwa bei za dukani, maana hata namna ya kujenga huwa imebadilika.